Somo: Barua pepe ya kumthibitisha mtoa mada anayetoka nje ya nchi

Kila msimu wa makongamano hapa Mwanza swali hili hurudi, kwa hiyo naliandika mara moja. Tuchukue mfano wa mtoa mada anayetoka Kigali.

1. Kichwa cha barua: jina la kongamano, tarehe, na "Tafadhali thibitisha".

2. Mada: nakili kama alivyoituma, umwambie ndivyo itakavyochapwa kwenye ratiba. Mpe tarehe ya mwisho ya kurekebisha.

3. Muda. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukiandika "3:30" peke yake, mgeni asiyehesabu saa kama sisi ataelewa alasiri. Pia Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, tofauti na Kampala na Nairobi ambazo saa zao ni kama zetu. Atakayewasilisha kwa mtandao akifuata saa ya ukutani kwake, ataingia wakati zamu yake imekwisha. Andika hivi:

"Zamu yako ni Alhamisi, saa 3:30 hadi 4:00 asubuhi kwa saa za Mwanza (09:30–10:00), yaani 08:30–09:00 kwa saa za Kigali. Kuwasilisha dakika 20, maswali dakika 10."

Ukituma na mwaliko wa kalenda, chagua `Africa/Dar_es_Salaam` na uweke saa za Mwanza tu. Kalenda yake itabadilisha yenyewe. Ukimpunguzia saa kwa mkono, itapungua mara mbili.

4. Vifaa: usiulize "una mahitaji gani?", utajibiwa "hakuna". Uliza kama kompyuta yake ina tundu la HDMI au USB-C pekee, na kama slaidi zina video yenye sauti. Video iwe ndani ya faili, isitegemee intaneti ya ukumbi.

5. Mnachotoa: taja malazi ni usiku wa siku zipi, nani atampokea uwanja wa ndege, na nauli inalipwa kabla au inarudishwa kwa risiti. Msichogharamia kiandikeni pia.

MASWALI

– Mkuu, weka sampuli ya sehemu ya muda basi.
– Ipo hatua ya 3. Soma.

– Si atauliza mwenyewe akichanganyikiwa na saa?
– Hatauliza, kwa sababu hajui kama amechanganyikiwa.

– Samahani kaka, huyo wa Kigali chaja yake itaingia kwenye soketi zetu?
– Swali zuri sana, dada. Rwanda plagi nyingi zina pini za mviringo, zetu ni pini tatu bapa. Ongeza kwenye hatua ya 5: "Adapta ya plagi itakuwepo mezani." Kisha muipeleke kweli, na waya wa kurefusha.

– Na umeme ukikatika katikati ya wasilisho?
– Projekta ya balbu ikizimika ghafla huhitaji dakika kadhaa ipoe ndipo iwake tena, hata jenereta ikiwahi. Mwombe mtoa mada PDF siku mbili kabla, mchape nakala moja aendelee nayo. Maiki yenu iwe ya betri, na spika yake pia.