Moto wa mnarani: chembe chache zinazosomeka kwa mbali

Somo hili linashughulikia moto mmoja tu wa mchezo wa kompyuta, ule unaowaka juu ya mnara na ambao mchezaji anapaswa kuutambua akiwa mita 60 mbali na vilevile akiwa amesimama mita 6 kutoka kwake. Moshi na uchawi vitafuata kanuni zilezile.

Hatua ya kwanza: pima eneo kabla ya kuhesabu chembe. Wengi hupunguza idadi ya chembe bila kujua kinachogharimu hasa. Chembe zenye uwazi huchorwa moja juu ya nyingine, na kadi ya michoro hulipia kila tabaka upya. Tuseme kwamba kwa mita 6 moto unachukua pikseli 300 kwa 400, yaani 120,000. Ukiwa na chembe 60, kila moja ikifunika nusu ya eneo hilo, kadi itachora pikseli 3,600,000 kwa kila fremu, ilhali skrini nzima ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600 tu. Moto mmoja unakuwa mzito kuliko kuchora skrini nzima mara moja na nusu. Chembe 9 za ukubwa uleule zinashusha hesabu hadi 540,000. Katika Godot, chagua `Display Overdraw` kwenye dirisha la 3D: mahali panapong'aa kupita kiasi ndipo tabaka zilipolundikana.

Hatua ya pili: ipe kila chembe kazi kubwa. Chembe 9 zitaonekana kama mipira ya pamba iwapo teksicha yake ni doa la duara lenye kingo laini. Chora ulimi wa moto wenye umbo kamili, mpana chini na uliochongoka juu, kisha uuweke katika karatasi ya fremu 16 zinazobadilika mara 12 hivi kwa sekunde. Kata pia pembe tupu za mraba kwa kutumia umbo lenye pande sita au nane, kwa sababu pikseli isiyoonekana kabisa nayo hupigiwa hesabu.

Hatua ya tatu: ujaribu kwa mbali. Kwa mita 60 moto uleule una kimo cha pikseli 40, na gharama yake imeshuka yenyewe. Kinachobaki ni usomekaji. Cheche ndogo kuliko pikseli moja humetameta ovyo au hupotea, hivyo zizime kwa umbali huo. Punguza picha ya skrini, ondoa rangi, kisha uitazame: ukiona kiini cheupe, ukingo uliokolea na ncha inayopanda, moto umesomeka. Ukiona doa la kijivu, usiongeze chembe. Rekebisha umbo na tofauti ya mwanga na giza.

Hapa ndipo moto wangu wa kwanza wa mnarani uliponishinda. Usiku ulipendeza sana, lakini mchana ulitoweka mbele ya anga. Nilikuwa nimetumia uchanganyaji wa kujumlisha, na ukijumlisha rangi ya chungwa na anga linalokaribia weupe, unapata weupe tu. Dawa yake ni alfa iliyokwisha kuzidishwa ndani ya rangi:

```
matokeo = rangi + nyuma * (1 - alfa)
```

Alfa ikiwa 0, chembe hujumlisha mwanga. Ikiwa 1, hufunika kilicho nyuma. Nilikipa kiini alfa ndogo na ukingo alfa ya karibu 0.8, na ncha za moto zikajitenga na anga.

Hatua ya nne: moshi. Moshi ndio unaomwita mchezaji kutoka mbali kuliko moto wenyewe, kwa hiyo uwe nguzo ya chembe 6 au 7 kubwa zinazoinamia upande mmoja. Usiuache ufifie polepole kwa sekunde nyingi, kwani moshi wenye alfa ya 0.03 hauonekani ila unagharimu sawa na moshi mzito. Uondoe mapema huku ukiupunguza ukubwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, moshi wangu unaruka mbele ya moto na kurudi nyuma kamera inapozunguka. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, bila shaka una vitoa chembe viwili vyenye vitovu vinavyokaribiana, na injini inavipanga kwa umbali wa vitovu hivyo. Kwa fomula ya hapo juu, moto na moshi vinaweza kutumia matirio moja ndani ya kitoa kimoja, kila chembe ikianza na alfa ndogo na kumalizia na alfa kubwa. Washa upangaji wa chembe kwa kina, na kuruka huko kutakoma.

*Je, uchawi nikiupaka zambarau utatosha kuutofautisha na moto?*

Hautatosha, kwa kuwa katika pikseli 40 rangi ndiyo inayopotea kwanza. Utofautishe kwa mwendo. Moto hupanda bila mpangilio. Uchawi na uwe pete yenye ukingo mkali inayojikusanya kuelekea katikati kwa nusu sekunde, itulie kidogo, kisha ifumuke mara moja. Pete hiyo ni chembe moja, na wakati wa kutulia ndio unaompa mchezaji nafasi ya kukwepa.