Somo: Upumzike dakika ngapi kati ya seti na seti?

Jimuni, wengi wetu tunahesabu kilo na marudio, ila mapumziko tunayaacha yaamuliwe na stori au simu. Tuchukue zoezi moja, benchi, tuone muda huo unavyofanya kazi.

Hatua ya 1: nguvu. Tuseme unasukuma kilo 80 mara 3, kwa seti 5. Pumzika dakika 3 hadi 5. Uzito mkubwa hula akiba ya haraka iliyo ndani ya msuli, kreatini fosfati, na akiba hiyo huhitaji dakika kadhaa kujaa tena. Pumzi hurudi mapema kuliko msuli, kwa hiyo kutohema si dalili kwamba uko tayari.

Hatua ya 2: kukuza misuli. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea kwa miaka. Daftari langu la kilo 60 lilisomeka hivi nilipopumzika sekunde 60: marudio 10, 6, 4. Jumla 20, yaani kilo 1,200. Nilipopumzika dakika 2 na nusu: 10, 9, 8. Jumla 27, kilo 1,620. Chuma ni kilekile na seti ni tatu zilezile, lakini kifua kimefanya kazi zaidi. Kwa hiyo anza na dakika 2. Seti ya pili ikishuka kwa marudio matatu au zaidi, ongeza sekunde 30.

Hatua ya 3: ustahimilivu. Shusha hadi kilo 35, marudio 20, pumzika sekunde 30 hadi 60. Hapa uchovu unautafuta mwenyewe. Ukishamaliza seti zote bila marudio kupungua, punguza sekunde 10 za mapumziko kabla ya kuongeza uzito.

Maswali ya wanachama

*Kocha, nikipumzika sana misuli inapoa, ule ujazo wa damu unapotea. Si ndio unaokuza?*

Ujazo huo ni dalili tu, ndugu yangu. Utafiti wa mwaka 2016 uliwalinganisha wanaume wazoefu kwa wiki 8, kundi moja likipumzika dakika 1 na jingine dakika 3. Wa dakika 3 walipata nguvu zaidi, na misuli pia.

*Na baisepsi nayo dakika 3?*

Hapana, dada. Zoezi la kiungo kimoja halichoshi mwili mzima. Sekunde 60 hadi 90 zinatosha.

*Nina dakika 45 tu kabla ya kazi. Nifanyeje?*

Oanisha mazoezi yanayopingana. Piga benchi, pumzika dakika moja, vuta chuma kwa mgongo, pumzika dakika moja, rudi benchi. Wakati mgongo unafanya kazi kifua kinapumzika, na kinafika karibu dakika 3 bila wewe kukaa bure. Ila usioanishe skwati nzito na kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Yote mawili yanategemea kiuno, na kikichoka mgongo huanza kujikunja.