SOMO: Neno refu kwenye ufahamu, likate hivi

Nimeulizwa tena jana, ndani ya matatu ya Umoja, "Mwalimu, hili neno ni nini?" Naandika mara moja tu. Sentensi yetu ni hii: *Kutowajibishwa kwa viongozi ndiko kunakoendeleza ufisadi.*

1. Soma sentensi nzima kwanza.

2. Kata kushoto. *Ku-* inageuza kitenzi kuwa jina, *-to-* inakanusha.

3. Tafuta mzizi. Hapa ni *wajib*, ule wa "wajibu".

4. Soma kulia, kiambishi kimoja kimoja, ukianzia kilicho karibu na mzizi. Hapa ndipo nilipoangukia nikiwa kidato cha nne. Nilipoona *kuto-* na *wajib* nikaridhika, nikajibu: "Viongozi hawatekelezi wajibu wao." Sifuri. Hilo lingekuwa *kutowajibika*. Neno letu lina *-ish-*, yaani mtu fulani anamfanya mwingine awajibike, kisha *-w-*, yaani kiongozi ndiye anayefanyiwa. Kwa hiyo hakuna anayewadai hesabu. Lawama imehama kabisa! Na usivuruge mpangilio: *patanisha* ina *-an-* kabla ya *-ish-*, mtu mmoja anawafanya wengine wapatane. *Eleweshana* imegeuza, kila mmoja anamwelewesha mwenzake.

5. Rudisha maana kwenye sentensi. Isipokaa, umekata vibaya.

MAONI

Kevo wa Kayole: Kwa hivyo *kutofautisha* ni kukanusha?
Mwandishi: Ondoa *kuto-*. Kuna kitenzi "fautisha"? Hakuna. Mzizi ni *tofauti*. Linganisha na *kutofaulu*: "faulu" ipo.

Nyambura: Na *kutokana*? "Kana" ni kitenzi, maana yake kukataa jambo.
Mwandishi: Swali tamu hili, dada. Jaribio langu linakwama hapo. Tazama jirani yake: likifuatwa na "na", kama "kutokana na ukame", mzizi ni *tok*. Ndiyo maana hatua ya 5 ipo.

Kevo wa Kayole: Nitumie orodha ya maneno yote marefu.
Mwandishi: Hapana. Soma hatua ya 4.

Otis: Mimi *upungufu* nimekata nikabaki na "pungufu", kitenzi sikioni.
Mwandishi: Umekata sawa, Otis. Sauti ya mwisho ya mzizi hubadilika mbele ya *-u* na *-i*. *Punguka* inatoa *upungufu*, K imekuwa F. *Gomba* inatoa *ugomvi*, *linda* inatoa *ulinzi*, *andika* inatoa *uandishi*. Ukikwama, irudishe sauti ya zamani, kisha ufungue kamusi kwenye kitenzi.

Mama Tash: *Usanisinuru* ya biolojia je? Mtoto ananisumbua.
Mwandishi: Hayo ni maneno mawili yaliyounganishwa, mama: *usanisi*, kuunda kitu kwa kuunganisha vingine, na *nuru*. Mmea unajiundia chakula kwa mwanga. Ukiona mizizi miwili, acha kutafuta viambishi katikati.

Nyambura: Mimi hukata kwa penseli juu ya karatasi yenyewe, mikwaju midogo.
Mwandishi: Hata mimi. Kalamu ya wino huchafua, ukikosea huwezi kufuta.