Kuchora storibodi ya kufukuzana: fuata umbali, si kasi

Wengi wakipewa tukio la kufukuzana hukimbilia kuchora vumbi, jasho na kamera iliyopinda. Mimi huanza na swali moja: kati ya anayekimbia na anayemkimbiza kuna mita ngapi, na mtazamaji anajuaje? Presha yote inatoka hapo.

Tuchukue mfano. Binti anamkimbia mwanamume kwenye korido ndefu ya jengo, wanashuka ngazi, wanafika kwenye mlango wa chuma uliofungwa. Ufunguo anao binti.

Hatua ya 1: Chora ramani kabla ya picha

Chora jengo kama unalitazama kutoka juu: korido, ngazi, mlango. Kwa kila sehemu andika umbali kati ya binti na mwanamume, namba tatu kwa jumla. Mimi niliandika mita 20 koridoni, 8 kwenye ngazi na 2 mlangoni. Kila picha utakayochora lazima iseme kitu kuhusu umbali huo: umepungua, umeongezeka, au hatuujui tena. Picha isiyosema lolote, itoe hata kama ni nzuri.

Hatua ya 2: Amua wanakimbilia upande gani wa skrini

Wakianza kwenda kulia, waendelee kulia. Kamera ibaki upande mmoja wa njia yao. Ikivuka, binti ataenda kulia na mwanamume kushoto, na itaonekana kama wanakimbia kukutana. Yalinikuta hayo, na ngazi ndizo zilizoniponza: ngazi za jengo hugeuka kila ghorofa, kwa hiyo ukiwachora kwa ubavu mwelekeo unageuka wenyewe. Dawa yake ni kuingiza picha isiyo na kulia wala kushoto. Weka kamera juu kabisa, itazame chini kwenye shimo la ngazi, tuone vichwa viwili vikizunguka. Baada ya hapo unaweza kuwatoa upande wowote.

Hatua ya 3: Chagua pembe kwa kazi yake

Anza na picha pana ya ubavuni. Hiyo ndiyo inayosema ukweli: mtazamaji anaziona mita 20 kwa macho yake. Akishaziona, sasa mdanganye. Kamera ikiwa mbele yao, mbali, na lenzi ndefu, umbali unabanwa na mwanamume anaonekana kama yuko mgongoni kwa binti. Ukianza na uongo huo kabla ya ukweli, mtazamaji hana cha kulinganisha, na hofu haimwingii.

Kwenye ngazi shusha kamera karibu na sakafu, tumia lenzi pana, kiatu kijae fremu. Lenzi pana hukuza kinachokuja karibu nayo, hivyo hatua moja tu inaonekana kubwa na ya haraka.

Hatua ya 4: Andika sekunde chini ya kila kijipicha

Zangu zilikuwa hivi. Korido kwa upana, sekunde 6. Uso wa binti, 3. Lenzi ndefu kutoka mbele, 4. Miguu ya mwanamume kwenye kona, 2. Ngazi kutoka juu, 3. Mkono wa binti kwenye reli, 1.5. Mwanamume akiruka vidato, 1.5. Kisha uso, kiatu, kufuli: sekunde 1 kila moja. Picha ya sekunde moja ibebe kitu kimoja tu. Ukiweka viwili, jicho halitawahi kuvisoma.

Hapa ndipo wengi huzidi kukatakata. Mimi hufanya kinyume. Macho huzoea kasi, na picha ya nne ya sekunde moja haishtui tena. Picha ya 11 nikaiacha sekunde 9 bila kukata: binti yuko mbele, mikono inahangaika na ufunguo, na nyuma yake ngazi ziko ndani ya fremu ileile. Sekunde 4 za kwanza ngazi ni tupu. Kisha unatokea mguu, halafu mwili mzima. Mtazamaji anaupima umbali mwenyewe, na hakuna picha nyingine ya kumpumzisha.

Hatua ya 5: Pima kabla hujasafisha michoro

Piga picha vijipicha vyako vikiwa bado rafu, vipange kwenye programu ya kuhariri kwa sekunde ulizoandika, weka sauti ya nyayo tu. Muziki usiweke, utakuficha makosa. Zote 11 zinafika sekunde 33.

Mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi. Simamisha popote umuulize: nani yuko mbele, na mwenzake yuko mbali kiasi gani? Akisita kwenye ngazi, rudi kwenye ramani, usiguse sekunde. Akijibu sawasawa lakini anapiga miayo, hapo tatizo ni sekunde. Kwangu mtu wa kwanza alisita kwenye picha ya 4: ile miguu hakujua ni ya nani. Nikarudi picha ya 1 nikamvalisha mwanamume viatu vyeupe.