Barua kwa mwalimu mkuu: anzia katikati

Walimu na wazazi wenye watoto wa darasa la tatu, mkifundisha barua rasmi msianze na anwani, mtoto wa miaka tisa anachoka kabla hajafika kwenye ujumbe. Mi naanza na kiini tu. Namuuliza, unaomba nini, lini, kwa sababu gani? Majibu yake ndo barua yenyewe: "Naomba ruhusa ya kutokuja shule siku ya Ijumaa. Ninaenda kliniki ya macho na mama. Nitarudi Jumatatu." Sentensi tatu, basi.

Afu ndo tunavisha juu na chini. Juu kulia anwani ya mtoto na tarehe, kushoto chini kidogo anwani ya mwalimu mkuu, inafuata "Ndugu Mwalimu Mkuu," na chini yake kichwa kwa herufi kubwa, YAH: KUOMBA RUHUSA. Mwisho "Wako mtiifu," sahihi, jina kamili na darasa, maana bila darasa mwalimu mkuu atajuaje ni Asha yupi?

Hapo kwenye salamu ndo wengi wanateleza, wanaandika "Hujambo? Mimi sijambo, nakusalimu sana" kama wanamwandikia bibi. Usimkaripie, ni barua ya kirafiki aliyoizoea hiyo. Mpe penseli akate mstari huo mwenyewe, afu asome tena kwa sauti kuanzia "Ndugu Mwalimu Mkuu" moja kwa moja mpaka "Naomba ruhusa", atasikia kabisa kwamba hakuna kilichopungua.