Namna ya kujua kwamba utafutaji wa machapisho umefika mahali pa kusimama

Wanafunzi wa uzamili ninaowasaidia maktabani huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: nimesoma makala nyingi, je, nitajuaje kwamba zimetosha? Idadi ya makala haijibu swali hilo. Kinachojibu ni mwenendo wa matokeo, yaani kama kila utafutaji unaoufanya bado unaleta makala mpya zinazohusika au unarudisha zile zile ulizokwisha kuziweka kando. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufuatilia mwenendo huo na kuutumia kuamua, kwa kufuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mapitio ya tafiti kuhusu njia za kupunguza sumukuvu katika mahindi ya wakulima wadogo wa Kenya, Tanzania na Uganda baada ya mavuno. Tarakimu za mfano ni za kufundishia, lakini sura yake ndiyo utakayokutana nayo.

Hatua ya 1: Andika kigezo cha makala inayohusika

Sentensi moja inatosha, ila iandikwe kabla ya kuanza. Kwa mfano wetu: utafiti uliopima kiwango cha sumukuvu katika mahindi ya nchi hizo tatu na kulinganisha angalau njia mbili za kukausha au kuhifadhi. Kigezo kinachobadilika katikati ya kazi huharibu hesabu zote zitakazofuata.

Hatua ya 2: Fungua daftari la utafutaji

Tumia jedwali la kawaida la kompyuta lenye safu tano: tarehe, mahali ulipotafuta, maneno kamili uliyoandika, idadi ya makala zinazohusika, na ngapi kati ya hizo ni mpya kwako. Makala zenyewe zihifadhi katika Zotero, ambayo huonyesha nakala zilizojirudia katika kundi lake la pekee. Sipendekezi kuanza na Google Scholar kwa kazi hii, kwa sababu haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja hata inapodai kuwa na maelfu. Huwezi basi kujua kilichobaki nyuma ya hapo. Anza na PubMed pamoja na African Journals Online, kisha uitumie Google Scholar katika hatua ya 4, ambako ina faida kubwa.

Utafutaji wa kwanza wa mfano wetu ulikuwa huu:

```
aflatoxin* AND (maize OR corn) AND (drying OR storage) AND (Kenya OR Tanzania OR Uganda)
```

Ulileta makala 24 zinazohusika, zote mpya kwa kuwa ndio mwanzo. Wa pili, ulioweka `mycotoxin*` mahali pa `aflatoxin*`, ulileta 9 zinazohusika, 3 zikiwa mpya. Wa tatu, ulioweka `fumonisin*` mahali hapo hapo, ulileta 11, mpya 1. Wa nne, ulioweka hapo `"Aspergillus flavus"`, ulileta 10 na hapakuwa na mpya hata moja. Jumla ni 28, na mpya zimekauka.

Hatua ya 3: Pima kama ukavu huo ni wa kweli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, nami nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

Jambo la kwanza ni kusoma safu mbili za mwisho za daftari kwa pamoja. Utafutaji ulioleta makala 10 zinazohusika, zote zikiwa za zamani, unakupa ushahidi: umeingia katika eneo lenye mambo yako na umekuta kila kitu tayari unacho. Utafutaji ambao haukuleta makala yoyote inayohusika, mpya wala ya zamani, haukupi ushahidi wowote. Huenda uliandika neno vibaya, ulifunga mabano mahali pasipofaa, au uliingia katika hifadhidata isiyoshughulika na kilimo. Wengi huandika sifuri katika hali zote mbili na kuzihesabu sawa. Mimi husisitiza kwamba sifuri ya mpya ihesabiwe tu pale ambapo safu ya zinazohusika ina idadi ya kueleweka.

Jambo la pili ni mpangilio wa orodha. PubMed hupanga matokeo kwa kulingana na ombi lako usipobadilisha chochote, na kwa mpangilio huo ni kawaida kabisa kurasa za mwisho ziwe kavu. Ukavu wa kurasa za mwisho unakuambia kwamba ombi hilo moja limekwisha kutoa lilichonacho. Haukuambii kitu kuhusu makala ambazo ombi hilo halikuweza kuzigusa tangu mwanzo.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Tazama tena tafutaji zetu nne: zote zinadai kwamba jina la sumu au la kuvu liwemo katika kichwa au ikisiri ya makala. Kwa hiyo zimekuwa zikiuliza swali lile lile kwa visawe, na lilikuwa jambo la lazima zifike mahali pa kurudia. Lakini mahindi yanayohifadhiwa huchunguzwa pia na watu wa fani nyingine. Wataalamu wa wadudu hujaribu mifuko isiyopitisha hewa ili kuzuia dumuzi na fukusi, na baadhi yao hupima sumukuvu kama kipimo cha ziada ambacho hukitaja ndani ya jedwali tu. Mtu wa fani hiyo haandiki ikisiri yake kwa maneno yako. Utafutaji wa tano uliondoa jina la sumu kabisa:

```
(hermetic OR "PICS bags" OR "metal silo") AND (maize OR corn) AND (Kenya OR Tanzania OR Uganda)
```

Uliorodhesha makala nyingi zisizohusika, na ikabidi kufungua matini kamili badala ya kusoma ikisiri peke yake. Hata hivyo ulitoa makala 8 zinazohusika, na 5 zilikuwa mpya. Baada ya sifuri, tano. Sasa jumla ni 33.

Kutokana na hilo, kanuni ninayoifundisha ni kwamba ukavu hauhesabiwi kwa idadi ya tafutaji. Unahesabiwa kwa idadi ya njia zinazotofautiana. Kubadilisha kisawe hakubadilishi njia. Kubadilisha fani, aina ya hifadhidata, au namna yenyewe ya kutafuta ndiko kunakobadilisha njia.

Bado kuna tahadhari moja kabla ya kusonga mbele. Gawa makala ulizopata kwa nchi, kisha uangalie ukavu wa kila fungu peke yake. Mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, uliohusisha hasa Makueni na Kitui, ulikuwa na wagonjwa 317 na vifo 125, na tangu hapo eneo hilo limevutia watafiti wengi. Makala za huko hujaa haraka katika orodha na kutajana zenyewe kwa zenyewe, kiasi kwamba jumla yote huonekana imekauka wakati fungu la Uganda lina makala mbili au tatu tu na halijachunguzwa ipasavyo. Ukiona fungu dogo namna hiyo, litafutie peke yake, kwa majina ya wilaya na si la nchi peke yake, kabla hujaamua kwamba tafiti hazipo.

Hatua ya 4: Tafuta kwa njia isiyotegemea maneno

Chukua makala tano au sita zenye nguvu, upitie orodha zao za marejeo, kisha tumia Google Scholar kuona makala zilizozitaja baadaye. Njia hii haijali msamiati wa mtafutaji, na ndiyo sababu ninaiamini kuliko kuongeza ombi la sita na la saba. Fanya kazi hii bila kuangalia orodha yako ya awali, na uandike zote zinazohusika, za zamani na mpya.

Katika mfano wetu njia hii ilitoa makala 20 zinazohusika. Kati yake 18 zilikuwa tayari katika zile 33, na 2 zilikuwa mpya.

Hatua ya 5: Kadiria kilichobaki

Wataalamu wa wanyamapori hukadiria idadi ya wanyama kwa kuwakamata, kuwatia alama, kuwaachia, kisha kuwakamata tena na kuangalia wangapi wana alama. Hesabu hiyo hiyo inafaa hapa. Zidisha idadi ya njia ya kwanza kwa idadi ya njia ya pili, kisha gawanya kwa zilizopatikana kote kuwili:

```
33 × 20 / 18 = 36.7
```

Makadirio ni makala 37 hivi, nawe unazo 35. Ichukulie 37 kuwa kiwango cha chini, kwa sababu njia mbili za utafutaji haziko huru kabisa: makala maarufu hupatikana kirahisi kwa njia zote mbili, jambo linaloongeza zinazolingana na kushusha makadirio. Tasnifu isiyotajwa na mtu yeyote haiingii katika hesabu hii hata kidogo. Kama zinazolingana ni chache, tuseme tatu au nne, usiitumie hesabu hii, maana makala moja tu zaidi au pungufu itabadilisha jibu sana.

Kisha zichunguze zile mbili mpya na kujiuliza ni kwa nini maneno yako hayakuzifikia. Hapa zote mbili zilizungumzia ubora wa nafaka, `"grain quality"`. Utafutaji kwa maneno hayo ulileta makala 7 zinazohusika, mpya 1. Baada yake hazina za tasnifu za vyuo vikuu, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, zilitoa 4 na hapakuwa na mpya. Majarida ya African Journals Online, yakipitiwa kwa majina ya wilaya, yalitoa 6, nayo pia bila mpya.

Hatua ya 6: Simama, na uandike ulivyosimama

Mimi husimama pale njia mbili mfululizo, zinazotofautiana kweli, zinapoleta makala zinazohusika bila hata moja mpya, na makadirio ya hatua ya 5 yako karibu na nilichonacho. Mfano wetu una makala 36 na umetimiza masharti yote mawili. Kwa sura ya mapitio katika tasnifu hilo linatosha. Kwa mapitio ya kimfumo yanayofuata mwongozo wa PRISMA, haliruhusu kuruka sehemu ya utafutaji uliokwisha kuuahidi katika mpango wako: huko orodha yote husomwa, na ukavu hukusaidia tu kuamua kama uongeze vyanzo vingine.

Andika katika sura ya mbinu vyanzo vyote, maneno kamili na tarehe ya mwisho ya kila utafutaji. Kabla ya kuwasilisha kazi, rudia maombi yale yale kwa kilichoongezwa tu tangu tarehe hiyo. Katika PubMed ongeza sharti hili mwishoni mwa ombi, ukiweka tarehe yako:

```
AND 2024/03/01:3000[crdt]
```

Tumia `crdt`, ambayo ni tarehe rekodi ilipoundwa, na si mwaka wa kuchapishwa, kwa kuwa makala iliyochapishwa zamani inaweza kuingizwa leo. Ukirudia kwa mwaka wa uchapishaji, makala ya namna hiyo itakupita.