Somo: Kutafsiri majina ya juisi na smuthi, hasa tunda linapokosa jina la Kiswahili

Leo tunashika menyu ya vinywaji. Ni kazi fupi, mistari mitatu minne kwa kila kinywaji, na ndiyo maana watu huipitia haraka. Matini asilia inaweza kuwa ya Kiingereza, Kihispania au lugha nyingine yoyote, hatua hazibadiliki.

Hatua ya 1: Tenganisha jina na viambato

Jina la kinywaji limewekwa limvutie mteja. Viambato vimewekwa ajue anachokunywa. Jina una ruhusa ya kulipindua, hata kulibadilisha kabisa, mradi mwenye menyu akubali. Viambato huna ruhusa hiyo. Kwa hiyo anza na viambato, jina liache mwisho. Ukishajua ndani kuna nini, kinywaji kina rangi gani na kimekamuliwa au kimesagwa, jina huja lenyewe.

Angalizo moja: jina likitaja tunda, basi hapo jina nalo limekuwa kiambato. Usiweke "embe" kwenye jina kwa sababu tu linasikika vizuri kuliko pichi.

Hatua ya 2: Litambue tunda kabla ya kutafuta neno

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mtu anaona neno, anakimbilia neno linalofanana nalo. Chukua *pera*. Kwa Kihispania, Kiitaliano na Kireno, *pera* ni tunda refu lililonenepa chini, lenye nyama laini yenye chengachenga. Kwetu pera ni tunda la mpera, lenye harufu kali na mbegu ngumu tele katikati. Ukiliacha neno kama lilivyo kwa kuwa "nalo ni la Kiswahili", umebadilisha kinywaji. La kwao ni peasi kwetu. Wengine huandika pea, nami sipendi, kwa sababu msomaji wa haraka anafikiria pea ya viatu.

Njia ya kujihakikishia ni jina la kisayansi. Andika `Psidium guajava` kwenye kisanduku cha kutafutia, utaona pera letu. Andika `Pyrus communis`, utaona peasi. Linganisha picha ya tunda lililokatwa, si tunda zima, maana maganda hudanganya.

Kwa njia hiyohiyo utaona kwamba plamu si zambarau. Zambarau ni `Syzygium cumini`, lina kokwa moja ndefu na linaacha ulimi umebadilika rangi na kukakamaa. Plamu ni ndugu wa pichi. Plamu na zambarau yanafanana rangi tu.

Hatua ya 3: Chagua njia, kwa mpangilio huu

Kwanza, kama tunda hilohilo lina jina la Kiswahili linalotumika, litumie: komamanga, tini, balungi, ukwaju, chenza. Usilete mkopo mahali penye neno. Kama kuna majina mawili, mfano pasheni na karakara, chagua moja kulingana na wasomaji wako na ulishike menyu nzima.

Pili, kama halina jina, kopa neno na uliandike kwa tahajia ya Kiswahili: stroberi, bluberi, rasiberi, pichi, kiwi, pitaya. Mara ya kwanza linapotokea, liongezee maelezo mafupi ya kile ambacho mnywaji ataona au kuonja. "Bluberi, tunda dogo la rangi ya buluu iliyoiva, tamu lenye ukali kidogo" inatosha. Mara ya pili andika bluberi tu.

Tatu, ukikosa nafasi ya maelezo, kama kwenye lebo ya chupa, andika mkopo peke yake. Mkopo usioeleweka ni bora kuliko neno linaloeleweka vibaya. Msomaji asiyelijua neno atauliza. Aliyedanganywa na neno analolijua hana sababu ya kuuliza.

Njia isiyokuwepo kwenye orodha hii ni kulipa tunda geni jina la tunda jingine la hapa kwa sababu yanakaribiana. Hiyo ni kuazima kitambulisho cha jirani.

Hatua ya 4: Angalia kitenzi na kimiminika

Machungwa hukamuliwa. Smuthi husagwa, na nyuzi zote hubaki ndani. Juisi ya ukwaju huloweshwa, hupondwa, kisha huchujwa. Kiswahili kina vitenzi hivi vyote, basi vitumie. Ukiandika "imetengenezwa kwa" kila mahali, umemnyima msomaji habari aliyokuwa nayo msomaji wa lugha asilia.

Nazi ndiyo inayonikera zaidi. Nakutana na "maziwa ya nazi" na "maji ya nazi" yakibadilishana nafasi ovyo. Kinachotoka kwenye tunda bichi lililotobolewa ni maji ya dafu, mepesi kama maji. Kinachokamuliwa kutoka nazi iliyokunwa ni tui, lenye mafuta. Smuthi ya tui ni nzito na inashibisha. Ya maji ya dafu ni nyepesi. Kama matini asilia inataja lile zito la kwanza, andika tui zito.

Mfano mmoja hadi mwisho

Kinywaji hiki ni cha mazoezi. Jina lake katika matini asilia lina maana ya "machweo ya kitropiki". Viambato: gramu 100 za lile tunda ambalo lugha nyingi huliita kwa jina la dubwana litemalo moto, la nyama nyekundu, limegandishwa, nusu kikombe cha embe, mililita 150 za kimiminika cha nazi changa, kijiko kimoja cha chai cha juisi ya tunda chachu la kijani.

Tunaanza na gumu. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "tunda la joka". Kwa Kiswahili joka ni nyoka mkubwa. Hakuna dubwana la hadithi linalomjia msomaji, anamwona nyoka ndani ya bilauri. Kwa hiyo pitaya, pamoja na maelezo: tunda la jamii ya dungusi, lenye ganda la waridi na mbegu ndogo nyeusi. "La nyama nyekundu" lisiachwe, maana ipo pitaya ya nyama nyeupe, na ukitumia hiyo rangi ya kinywaji inapotea.

Embe halina shida. Kimiminika cha nazi changa ni maji ya dafu. Tunda chachu la kijani, dogo la mviringo, ni ndimu. Limau ni lile kubwa kidogo, la manjano likiiva, lenye chuchu mwishoni. Katika mazungumzo watu wengi huyachanganya, lakini kwenye menyu tunayatenganisha.

Sasa jina. "Ya kitropiki" inamwambia kitu mtu wa nchi za baridi. Kwa msomaji anayeishi palepale yanapoota maembe haina kazi, nikaiondoa. "Machweo" inabaki, kwa sababu pitaya nyekundu na embe vikisagwa hutoa rangi ya anga la jioni kweli. Matokeo:

*Machweo. Smuthi ya pitaya nyekundu na embe, imesagwa kwa maji ya dafu na ndimu kidogo. Pitaya ni tunda la jamii ya dungusi, lenye mbegu ndogo nyeusi.*

Vipimo sikuviweka kwenye menyu. Nafasi yake ni kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekuta menyu imeandika "juisi ya tunda la zabibu", lakini picha inaonyesha kitu kama chungwa kubwa lenye nyama nyekundu. Ni nini?

Jibu: Marahaba. Hilo ni balungi. Mtafsiri amevunja jina la Kiingereza, *grapefruit*, vipande viwili na kutafsiri kila kipande. Hapa kosa si la lugha tu. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumboni kinachovunja dawa fulani, zikiwemo baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kushusha lehemu, kama simvastatini. Dawa huingia mwilini kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa. Mgonjwa aliyeambiwa asinywe balungi atasoma "zabibu" na kuagiza bila wasiwasi.

Swali: Stafeli na topetope naweza kuvitumia kwa kubadilishana? Mteja wangu ana vinywaji vya Kihispania vya *guanábana* na *chirimoya*.

Jibu: Hapana. Ni jamii moja, tunda si moja. *Guanábana* ni `Annona muricata`, na hilo ni stafeli: kubwa, lenye miiba laini, chachu kidogo. Topetope ni `Annona squamosa`, dogo, limejaa mafundo, tamu tupu. *Chirimoya* ni `Annona cherimola`, la tatu. Kwa hilo fuata njia ya pili: "chirimoya, tunda la jamii ya topetope". Neno "jamii" ndilo linalokuokoa, kwa hiyo usilikate ili kubana nafasi.

Swali: Menyu inasema tu "mchanganyiko wa beri". Nitaje beri zipi?

Jibu: Usitaje yoyote ambayo hukuambiwa. Muulize mwenye menyu, maana pengine kuna mtu anayedhurika na stroberi. Asipojibu, andika "mchanganyiko wa beri" na umwachie alama aone swali lako. Na tafadhali, usiweke forosadi kama jina la beri yoyote nyeusi. Forosadi ni tunda la mforosadi, basi.

Swali: Smuthi za asubuhi zina nafaka ile bapa ya uji. Kamusi yangu inasema shayiri.

Jibu: Shayiri ni nafaka nyingine. Ile bapa andika "oti". Ni muhimu kwa sababu shayiri ina gluteni, na asiyeweza kula gluteni ataacha kinywaji ambacho pengine kingemfaa. Kinyume chake nacho kisidhaniwe: oti nyingi huchanganyika na ngano au shayiri shambani na kiwandani, kwa hiyo usiandike "haina gluteni" kama matini asilia haikusema.

Swali: Wingi wa kiwi ni "viwi"?

Jibu: Mkopo huu uweke kwenye ngeli ya I-/ZI-: kiwi moja, kiwi mbili zilizomenywa. Kiwi cha KI-/VI- tunacho tayari, kile kinachokupata ukitazama jua, na hakisagiki.

Swali: Mwenye biashara anataka niandike "juisi freshi" kwenye kinywaji ambacho chupa yake imeandikwa nekta. Nifanyeje?

Jibu: Andika nekta. Katika kiwango cha mwaka 2005 cha juisi na nekta za matunda cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya vyakula, nekta ni kinywaji cha tunda kilichoongezwa maji, na mara nyingi sukari. Unaweza kumpa "kinywaji cha embe", ni kweli na hakichukizi kusoma. "Freshi" iachie kilichokamuliwa palepale. Akikazania, mwombe akupe agizo hilo kwa maandishi, na mstari huo auandike yeye.